Idi njema, jirani!

Majirani zangu Wakristo wa Mwanjelwa na Uyole hapa Mbeya, salamu ya Idi isubiri mwezi uandame. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, kwa hiyo jioni ya siku ya 29 hakuna mwenye uhakika. Ukituma "Idi Mubarak" mapema, inaweza kumkuta mama bado anapanga daku. Kabla ya hapo mwambie "Ramadhani njema" au "funga njema".

Asubuhi ya Idi, wengi wanakuwa kwenye swala. Pita wakirudi, anza na "Kamwene" kama ilivyo desturi yetu huku, kisha "Idi njema, mama". Atakujibu "Ahsante, karibu sikukuu". Hapo jibu ni "Ahsante, nimekaribia", na uingie kweli, hata kwa kikombe kimoja cha chai. Ukisikia "Takabalallahu minna wa minkum", ni dua, Mungu atukubalie sisi nanyi. "Amina" inatosha kabisa.

Nasi Waislamu tuwe makini na Ijumaa Kuu. Ni siku ya mateso, wengi wamefunga, kwa hiyo "heri ya Ijumaa Kuu" inagongana na huzuni yao. Sema "Poleni na mfungo", subiri Jumapili ndipo useme "Heri ya Pasaka". Jibu lake "Heri kwetu sote". Krismasi ni nyepesi. Asiyependa kutaja jina la sikukuu aseme "Sikukuu njema", jirani atapokea kwa moyo uleule.