Nilivyopanga tarehe za sponsa na posti za kawaida msimu wa Idi

Duka ninaloliendeshea kurasa za mtandaoni linauza kanzu Kariakoo, na Idi ndiyo msimu wetu mkubwa. Ugumu wake ni kwamba Ramadhani huisha kwa siku 29 au 30, wakati Ads Manager, zana ya Meta ya kupangia sponsa, yaani matangazo ya kulipia, inataka siku na saa kamili ya kufunga tangazo. Kwa hiyo nilifuata ratiba ya fundi na ya mabasi, nikaacha kuukisia mwezi.

Fundi alinijibu waziwazi: "Dada, baada ya chungu cha 24 usiniletee kipimo kipya." Hapo ndipo sponsa ya kanzu za kushona ilipokoma. Zilizo tayari tungeweza kuzituma mikoani kwa basi mpaka chungu cha 27, kwa hiyo sponsa yake nikaianzisha chungu cha 25 ikaisha cha 27 saa sita mchana, kabla mzigo wa mwisho haujapelekwa stendi. Zikipishana hivyo, tangazo moja haligombei watu walewale na jingine.

Posti yenyewe huiweka hewani siku moja kabla ya sponsa, usiku baada ya futari. Ukaguzi wa tangazo kwa kawaida huisha ndani ya saa 24 ila unaweza kuzidi, na usiku ule napata nafasi ya kujibu maswali ya bei na ya kutuma Dodoma au Tanga. Kwenye tangazo nachagua "Use existing post", ili majibu yale na laiki zibaki pale mteja mpya anapofika. Bei na siku ya mwisho ya oda nazihakiki kabla, maana ukibadilisha maandishi tangazo linarudi kwenye ukaguzi.

Kitu ninachokikagua kuliko vyote ni saa za akaunti ya matangazo. Akaunti ikiwa imefunguliwa kwa saa za Los Angeles, tangazo la kuisha 23:59 kule linaendelea kula hela hapa hadi kesho yake saa nne au saa tano asubuhi kasoro dakika moja, kutegemea majira yao. Kwenye jedwali langu naandika 12:00 na 18:00 kama skrini inavyoonyesha, ili mwenzangu asichanganye saa sita na 06:00.

Natumia bajeti ya jumla, siyo ya kila siku. Fundi akiongeza siku, nasogeza tarehe ya mwisho na kuongeza fedha papo hapo. Ukisogeza tarehe peke yake, kiasi kilichobaki kinatawanywa kwenye siku nyingi na tangazo linafifia.

Chungu cha 25, posti ya kawaida ilitangaza kwamba oda za kushona zimefungwa. Ya salamu za Idi niliiacha kwenye rasimu bila kuipangia saa wala kuilipia, nikaitoa baada ya Mufti kutangaza mwezi.