Macho yalikuwa miguuni

Moshi, Jumatano jioni

Leo, kwenye njia ya vikwazo niliyowapangia watoto, binti mmoja wa darasa la kwanza amekwama mara tatu akitembea juu ya benchi. Ni lile tunalokalia chini ya mwembe, upana wake kama sentimita 25, na halifiki gotini kwangu. Kabla ya kipindi nililikagua: misumari haijachomoza, miguu haichezi, na limekaa kwenye nyasi. Kwa hiyo sikuona sababu ya yeye kutetemeka vile.

Njia yenyewe ni fupi. Mtoto anakanyaga ndani ya matairi sita, anainama kupita chini ya kamba ya katani, kisha anapanda benchi. Matairi nilipewa na fundi pancha. Mawili niliyakataa kwa sababu waya zilikuwa zimetokeza, na hizo zinachana mguu. Yaliyobaki nimeyatoboa ili maji ya mvua yasituame na kuzaa mbu. Kamba nayo nimeifunga upande mmoja kwa fundo la kiatu, mtoto akiigonga inafunguka yenyewe.

Mara ya tatu nikaacha kumtazama miguu, nikamtazama uso. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho yameganda kwenye vidole vyake. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Kikiinama, kiwiliwili chote kinafuata. Tena jicho linalotazama mguu unaosogea halina kitu kilichotulia cha kulisaidia sikio la ndani kujua wima uko wapi.

Nikamshusha. Nikatandaza kamba nyingine chini, akatembea juu yake, kisigino kikigusa vidole. Kisha ubao uliolala juu ya nyasi. Mwalimu mwenzangu akasimama mbele akiwa ameshika mfuniko mwekundu wa ndoo usawa wa macho yake. "Mwanangu, mtazame mwalimu, usiutazame ubao." Mikono ikafunguka yenyewe. Tuliporudi kwenye benchi alivuka polepole, nami nikitembea kando, kiganja karibu na kiuno chake bila kumgusa. Nilifurahi mno.

Kwenye matairi nimegundua kosa langu. Wengi walikuwa wanaruka miguu pamoja badala ya kupishanisha, nami nikawakemea kwamba hawasikilizi. Kumbe niliyaacha mbali mno, hatua zao hazifiki. Nilipoyasogeza yakagusana, zaidi ya nusu walipishanisha kulia na kushoto. Wachache bado wanasimama katika kila tairi wakiwaza ni mguu upi unaofuata. Hao nitawapa matairi mawili tu kwanza.

Foleni ndiyo bado inanisumbua. Watoto wanaosubiri wanasukumana, na aliye juu ya benchi akisikia kelele anageuza kichwa. Kesho kundi moja litaanzia kwenye matairi, jingine kwenye kamba, jingine kwenye benchi. Mvua ikinyesha usiku, benchi halitumiki mpaka likauke. Ubao utabaki chini pale pale, na ule mfuniko nimeuweka kwenye mkoba wangu.