Nilivyobadilisha leseni ya Tanzania Ujerumani, na ushauri nilioupuuza

Ukifika Ujerumani na leseni ya nyumbani, wa kwanza kukushauri atakwambia, "Kaka, kata kile kijitabu cha leseni ya kimataifa, utaendesha mwaka mzima bila shida." Usimsikilize. Kijitabu hicho ni tafsiri tu ya leseni yako, hakikuongezei hata siku moja. Leseni ya Tanzania, Kenya au Kongo inakuruhusu kuendesha kwa miezi 6 tangu uhamie rasmi. Muda unaweza kuongezwa hadi mwaka ikiwa tu utathibitisha mapema kwamba hutakaa nchini zaidi ya miezi 12, kwa mfano mkataba wako wa kazi ni mfupi. Ukishapitisha muda huo na bado unaendesha, hesabu yako ni ya mtu asiye na leseni kabisa. Hilo ni kosa la jinai, siyo faini ya kuegesha vibaya.

Mshauri wa pili ni mbaya zaidi: huyo anakutisha kwamba miezi 6 ikipita umepoteza kila kitu, inabidi uanze kama mtoto wa miaka 18. Si kweli. Kinachokufa ni haki ya kuendesha, haki ya kubadilisha leseni inabaki. Mimi maombi yangu yalikuwa bado yanazunguka kwenye meza za ofisi ya leseni miezi 6 ilipoisha. Gari nikaliegesha, nikaendelea na mazoezi kwenye gari la shule ya udereva. Huko hakuna tatizo, kwa sababu kisheria mwalimu aliyekaa pembeni yako ndiye anayehesabiwa kuwa dereva.

Tofauti kubwa iko kwenye nchi leseni ilikotoka. Kanuni za leseni za Ujerumani, FeV, zina Kiambatisho cha 11 chenye orodha ya nchi zinazosamehewa mitihani. Afrika Kusini imo. Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo sisi tunafanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Wapo wanaopanga kwenda kuchukua leseni ya nchi iliyomo kwenye orodha halafu warudi nayo. Haisaidii: leseni uliyoipata nje wakati makazi yako tayari yako Ujerumani haitambuliwi. Ndiyo maana ofisi inaangalia sana tarehe. Ukihuisha kadi nyumbani baada ya kuhama, itunze na ile ya zamani, la sivyo utatakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa dereva kabla ya kuja.

Tulichosamehewa ni masomo ya lazima, na hapa ndipo pesa inapookolewa. Mwanafunzi mpya wa gari dogo analazimika kuhudhuria vipindi 14 vya nadharia na safari maalumu 12: 5 za nje ya mji, 4 za barabara kuu ya kasi na 3 za usiku. Sisi halazimiki mtu hata kimoja. Lakini shule ya udereva lazima uwe nayo, maana mtihani unafanywa kwa gari lao na mwalimu wao akiwa ndani. Shule moja niliyoingia ilinipangia bei ya kifurushi kizima huku wakitabasamu. Nikawaambia kwamba nabadilisha leseni ya kigeni, sianzi upya, wakanyamaza kidogo. Nikaenda kwingine, nikalipia saa nilizohitaji tu. Saa moja ya kuendesha ni kama yuro 60 hadi 80 kutegemea mji, basi fanya hesabu mwenyewe.

Karatasi zenyewe hazisumbui: pasipoti, cheti cha kujiandikisha makazi, picha ya pasipoti, leseni halisi na tafsiri yake. Hata leseni ikiwa imeandikwa Kiingereza, peleka tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa au ya ADAC, chama cha wenye magari. Kuna kipimo cha macho kwa fundi miwani, dakika chache tu, na kozi ya huduma ya kwanza ya siku moja. Cheti cha macho kinadumu miaka 2. Peleka maombi mwezi wa kwanza. Aliyehamia tarehe 1 Machi, ruhusa yake ya kuendesha inaisha mwishoni mwa Agosti, na ofisi inaweza kula wiki nyingi kabla ya kutuma faili TÜV au DEKRA, wanaosimamia mtihani.

Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza, Kifaransa, hata Kiarabu. Kiswahili hakipo. Maswali ni 30, kila moja lina uzito wa pointi 2 hadi 5, na jibu sahihi linaweza kuwa moja, mawili au yote. Ukisahau kutia alama moja, swali zima limekwenda. Unaruhusiwa pointi 10 za makosa, ila kuna mtego: ukikosa maswali mawili ya pointi 3 na moja la pointi 4, jumla ni 10 na umefaulu. Ukikosa mawili ya pointi 5, jumla ni 10 ile ile na umeanguka. Maswali ya nani apite kwanza ndiyo mara nyingi yana pointi 5, kwa hiyo hayo niliyafanyia mazoezi mpaka nikayaota. Ukifaulu, una miezi 12 ya kumaliza mtihani wa barabarani.

Mtihani huo unachukua kama dakika 55. Watu wa kwetu wanaogopa kuendesha upande wa kulia, lakini hilo unalizoea haraka. Kinachotuangusha ni kanuni ya wa kulia kwanza. Kwenye mitaa ya makazi yenye kikomo cha kilomita 30, njia panda nyingi hazina alama wala mstari wowote. Hapo anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata akiwa na baiskeli, hata kama kichochoro chake ni chembamba kuliko barabara yako. Dereva aliyezoea kwamba barabara pana ndiyo bwana anapita tu. Na usifikiri umepona kwa kuwa hakutokea gari: mtahini anatazama kichwa chako. Hujapunguza mwendo, hujageuza shingo kulia, mtihani unaweza kuishia hapo.

Nilichofanya mimi ni kutembea kwa miguu kwenye mitaa inayozunguka kituo cha mtihani, nikisema kwa sauti kila njia panda: "Hapa nasubiri, hapa napita." Ukiona alama ya almasi ya njano yenye ukingo mweupe, uko kwenye barabara yenye kipaumbele, pita. Ukiona njia ya kulia inatokea juu ya ukingo wa barabara ulioshushwa, au kwenye maegesho, anayetoka huko ndiye anayekusubiri wewe. Majirani waliniona kichaa.

Kabla ya kukata kona kulia, geuza kichwa uangalie juu ya bega, kioo peke yake hakitoshi kwa mwendesha baiskeli aliye ubavuni. Ukimpita, mwachie mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Kuingia barabara kuu ya kasi, kanyaga mafuta kwenye njia ya kuingilia hadi ulingane na magari mengine. Upole pale ni kosa. Maelekezo utapewa kwa Kijerumani, na mtahini akinyamaza maana yake nyoosha.

Siku ya kupewa kadi ya Kijerumani, ile ya nyumbani inachukuliwa, kwa hiyo itoe nakala ya rangi, mbele na nyuma, mapema. Waulize pia kuhusu miaka 2 ya majaribio wanayopewa madereva wapya: kwako inahesabiwa tangu ulipopata leseni ya nyumbani, na kama unaendesha tangu zamani imeshaisha.