Siku niliyowaambia 3B kwamba baba wa mwenzao amefariki

Saa 11:20 alfajiri

Nimeamka kabla ya adhana. Jana jioni dereva mmoja wa bodaboda wa mtaa wetu hapa Tanga aligongwa na lori akafariki njiani. Binti yake yumo darasani kwangu, 3B. Jina lake sitaliandika. Mdogo wake wa kiume ana miaka mitano, yuko darasa la awali shuleni hapohapo.

Nikifungua simu naikuta picha ya ajali kwenye grupu la wazazi. Pikipiki imelala, damu barabarani, na chini yake mstari mzima wa "Inna lillahi" na "pole kwa familia". Aliyeiweka hakuwa na nia mbaya, habari za ajali zinasambaa hivyo kwetu. Lakini simu ya mzazi ndiyo simu anayochezea mtoto wakati anasubiri chai. Mimi ndiye admini, kwa hiyo naifuta kwa wote, kisha nafunga grupu ili maadmini tu ndio waandike. Aliyeiweka nampigia badala ya kumwandikia mbele ya watu. "Mwalimu, sikufikiria watoto," ananiambia. Namwomba aifute na kwenye simu yake.

Saa 12:10 asubuhi

Nampigia baba mdogo wa watoto. Baada ya pole namuuliza maswali matatu, na hakuna ninachotangaza kabla sijajibiwa. Je, watoto wenyewe wanajua? Familia inataka tuseme nini kuhusu sababu? Nani nizungumze naye kuanzia leo?

Binti anajua. Alikuwepo wakati simu ilipopigwa. Sababu tunaweza kuisema, ajali ya barabarani, bila kuongeza neno. Ila mdogo wake ameambiwa baba amesafiri Pemba. "Bado mdogo, Mwalimu. Tukasema apumzike kwanza."

Hapa nimenyamaza kidogo, maana si mahali pangu kumfundisha mtu aliyefiwa namna ya kusema na watoto wake. Lakini nikawaza kitakachotokea. Maziko ni leo baada ya adhuhuri. Jeneza litatoka mlangoni mwa nyumba hiyo na mtoto atakuwa hapohapo barazani. Nikiwaambia 3B leo, wapo wenye wadogo zao awali, na kufikia mapumziko ya uji awali yote itajua. Mtoto atakuja kuambiwa na mwenzake wa miaka mitano kwamba baba yake amekufa. Na kuna jambo jingine: mtoto wa umri huo akiambiwa baba amesafiri, anamngoja. Kila pikipiki ikisimama nje atatoka. Siku mtu mwingine akisafiri, hata mama yake, ataogopa kwamba naye harudi.

Nilimweleza hivyo, polepole. Akaniuliza, "Sasa tumwambieje?" Nikampa maneno mafupi: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hasikii baridi wala njaa, leo watu watamzika, hatarudi, na wewe utakuwa na mama, na mimi, na bibi. Habari ya kurejea kwa Mungu waiseme kama imani yao inavyowafundisha, ila neno "amekufa" lisikosekane. Tuna maneno mengi ya heshima, ametutoka, ametangulia, amelala. Mtu mzima anayaelewa yote. Mtoto anayeambiwa baba amelala anaweza kuogopa kwenda kulala.

Saa 1:25

Baba mdogo amepiga. Wamemwambia, mama yake akiwa amempakata. Hakulia. Ameuliza atakula nini kaburini, kisha akaomba maandazi. Sauti ya baba mdogo inatetemeka: "Mwalimu, ni kama hajaelewa." Nimemwambia hilo swali linaonyesha anajitahidi kuelewa, na ataliuliza tena kesho na keshokutwa. Wamjibu vilevile kila mara. Mtoto huingia kwenye huzuni na kutoka, dakika kumi analia, dakika kumi anacheza.

Saa 1:50

Nimepita kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa awali. Nimeomba jambo moja: habari isitangazwe mstarini. Mstarini kuna watoto wengi wasiomjua binti, hakuna nafasi ya swali, na siku akirudi shule nzima itakuwa inamtazama. Wanaohitaji kujua ni darasa lake, darasa la mdogo wake na walimu wote wanaoingia humo. Mwalimu mkuu amekubali. Mwalimu wa awali atawaambia wake saa ileile nitakayowaambia wangu, kwa maneno yaleyale.

Saa 2:30

Ujumbe kwa wazazi. Darasa lina watoto 68. Wazazi wa 41 wako kwenye grupu, 23 wana kitochi tu, na wanne sina namba zao kabisa. Nataka mzazi ajue kabla mtoto hajafika nyumbani, na asome maneno yaleyale mtoto atakayosikia kwangu. Kwenye WhatsApp nimeandika:

"Ndugu wazazi wa 3B, habari za asubuhi. Baba wa mwenzao (jina) amefariki jana kwa ajali ya barabarani. Familia imeridhia niwajulishe. Leo saa 3 nawaambia watoto kwa maneno haya: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na hakuna mtoto aliyesababisha. Mtoto akikuuliza, mjibu alichouliza tu, kwa ukweli. Akiogopa kwamba na wewe utakufa, usimwahidi usiloweza kulitimiza, mtajie watu wote wanaomtunza. Tusimuulize (jina) ajali ilikuwaje, na picha tuzifute. Rambirambi ni za watu wazima, zipelekwe msibani, watoto wasichangishwe darasani. Akirudi nitawajulisha."

Wa kitochi nimewafupishia, isizidi herufi 160 isije ikakatika vipande:

"Mzazi wa 3B: baba wa (jina) amefariki jana. Leo saa 3 nawaambia watoto. Akikuuliza mwambie ukweli. Tusiulize sababu ya kifo. Mwl wa darasa"

Kwa wale wanne nimeandika barua kwa mkono. Hizo zitakwenda mchana.

Saa 3:00

Nimefunga mlango, nikaketi kwenye kiti badala ya kusimama ubaoni. Nimesema sentensi zilezile, kisha nikanyamaza. Kimya hicho ni kigumu, mtu anatamani kukijaza. Mkono wa kwanza umenyooshwa na mtoto ambaye baba yake naye anaendesha bodaboda. "Mwalimu, na baba yangu atakufa?" Nikamjibu kwamba watu wengi huishi hadi uzeeni, baba yake leo yuko kazini, na akitaka anaweza kumwomba avae kofia ngumu kila siku. Sikusema "hapana". Baba yake nimemtumia ujumbe peke yake, ajue swali hilo litamfikia nyumbani.

Mwingine: "Sasa yeye ni yatima?" Swali hili nilikuwa nalisubiri. Kwa Waislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe, kwa hiyo mtoto hakukosea. Nimewaambia neno ni la kweli na si tusi, lakini jina lake halijabadilika. Hatumwiti "yatima" kama vile hatumwiti mtu "mgonjwa".

Kisha tukafanya mazoezi, maana ukimwambia mtoto wa miaka tisa "mfarijini mwenzenu" hajui aanzie wapi. Nikajifanya mimi ndiye nimerudi shule, na wao wakaja mmoja mmoja. Wa kwanza akasema, "Usilie, jikaze." Ndivyo alivyowasikia wakubwa. Tukajaribu tena: "Pole. Nimesikitika baba yako amekufa." Inatosha hapo. Halafu: "Tucheze rede, au tukae tu?" Mwenyewe achague. Akilia, mmoja akae karibu naye na mwingine aniite mimi. Akicheka, wacheke naye, asiwepo wa kumwambia "wewe si umefiwa?" Na wakitaka kutaja baba zao mbele yake wataje, wasinyamaze ghafla akikaribia. Kunyamaza huko kunauma kuliko maneno.

Mtoto mmoja aliuliza kama wote 67 watampa pole asubuhi atakayorudi. Nikashtuka, sikuwa nimelifikiria. Tumekubaliana atapokewa na wawili, mwenzake wa dawati na yule anayerudi naye nyumbani. Wengine watampa pole wakimkuta, taratibu, katika wiki nzima.

Saa 4:30

Wengine wametoka kunywa uji, mmoja amebaki. Ameinamia dawati. Nimemtoa nje chini ya mwarobaini, na imechukua muda mpaka akasema. Juzi waligombania rula. Alimwambia, "Baba yako afe." Amelibeba tangu jana alipousikia msiba.

Nilimwinua uso. Nikamwambia: lori liligonga pikipiki. Neno lako halikushika usukani wala breki. Maneno yanaumiza moyo wa mtu, hayana uwezo wa kuua. Nikamtaka arudie kwa mdomo wake kilichomuua baba yule, akarudia mara mbili. Kuhusu ugomvi wa rula, ataomba msamaha siku nyingine, na si siku ya kwanza ya kurudi, asimtwike aliyefiwa kazi ya kumsamehe. Nitampigia mama yake. Kwetu neno kama lile linaweza kupokelewa kwa viboko, na ningependa anisikie mimi kabla.

Ndiyo sababu ile sentensi "hakuna mtoto aliyesababisha" imo kwenye ujumbe. Watoto wa umri huu wengi hudhani wazo au neno lao limeleta jambo, na hawasemi mpaka uwafungulie mlango.

Saa 9:15 alasiri

Barua nne. Tatu zimekwenda na watoto wa majirani, ya nne nimeipeleka mwenyewe kwa bibi anayelea wajukuu. Hajui kusoma, nimemsomea. "Mwalimu, umefanya vyema kuja, huyu wangu mama yake alikufa mwaka juzi." Sikuwa najua. Mjukuu huyo alikaa kimya somo lote, nami nikadhani anasikiliza tu. Kesho nitaanza naye.

Saa 10:30

Msibani. Wanawake tumekaa mkekani, ubani unafuka. Mama yao amekaa ndani na kanga begani. Ameingia eda, miezi minne na siku kumi, hivyo hatakuja shuleni kwa mkutano wala kusaini ripoti. Tumekubaliana nizungumze na baba mdogo, na kila Ijumaa nimpitie mwenyewe nyumbani.

Binti amekuja akakaa pembeni yangu. "Wenzangu wanajua?"

"Wanajua. Nimewaambia ni ajali, basi."

"Jumatatu nikija usinisimamishe mbele."

"Sikusimamishi. Unataka ukae dawati lako lilelile?"

Akaitikia kwa kichwa. Tukapanga ishara: akitaka kutoka nje ataweka penseli pembeni ya dawati, nami sitamuuliza mbele ya watu. Mdogo wake alikuwa uani anakimbizana na watoto. Alipita akaniambia, "Baba yangu amekufa, harudi," akaendelea kukimbia.

Saa 2:00 usiku

Nimefungua andalio la masomo la wiki mbili zijazo. Alhamisi ya wiki ijayo kuna zoezi la insha, "Baba yangu". Nimelibadili liwe "Mtu anayenitunza", kwa darasa zima, asionekane ni yeye aliyebadilishiwa. Kwenye kalenda ya ukutani nimeweka alama siku ya arobaini. Kufikia hapo wenzake watakuwa wamesahau, ndipo nitakapowakumbusha wale wawili wa kumpokea.

Mzazi mmoja ameandika: mwanawe amekataa kulala mpaka baba arudi na pikipiki. Ni yule aliyeuliza asubuhi. Nimejibu amwache asubiri leo, baba akifika amwamshe amwone, na kesho waende naye kununua ile kofia ngumu.

Kando yangu kuna daftari tatu za binti nilizochukua darasani. Watoto watatu wamegawana kumnakilia masomo ya leo, na hati ya mmoja wao haisomeki. Hesabu nitamnakilia upya mwenyewe.