Kumbukumbu ya mradi wangu: wiki tatu na sentensi moja ya mienendo sambamba

Wiki ya kwanza

Nimekuwa nikitaka kujizoeza kuandika tathmini ya sera kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa njia ya tofauti ya tofauti, yaani kulinganisha mabadiliko ya walioguswa na sera na mabadiliko ya wasioguswa. Nikachagua kisa ambacho kila tarakimu yake inakaguliwa kwa urahisi. Tarehe 1 Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05. Jirani yake Pennsylvania ikabaki na 4.25. David Card na Alan Krueger, ambao makala yao ilitoka mwaka 1994, walikuwa wamehoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka: 331 New Jersey na 79 mashariki mwa Pennsylvania. Walianza Februari na Machi, kabla ya kima kipya, wakarudi Novemba na Desemba.

Kipimo chao ni idadi ya wafanyakazi kwa mgahawa, ambapo wa muda wote, mameneja wakiwemo, huhesabiwa mmoja, na wa muda mfupi huhesabiwa nusu. New Jersey ilitoka wastani wa 20.44 hadi 21.03. Pennsylvania ilitoka 23.33 hadi 21.17. Upande mmoja umeongezeka 0.59, upande wa pili umepungua 2.16, na tofauti ya tofauti hizo ni 2.75. Makala inasema 2.76. Niliihangaikia ile 0.01 jioni nzima kabla ya kukubali kwamba wao walikokotoa kwanza, kisha wakakata desimali.

Kwa rigresheni katika R ni mstari mmoja tu, ambapo `nj` ni 1 kwa New Jersey na `baada` ni 1 kwa raundi ya pili:

```
lm(ajira ~ nj * baada, data = d)
```

Kigezo cha `nj:baada` ndicho jibu. Hesabu ikaishia hapo. Kazi ilianza nilipofika kwenye aya ya dhana.

Wiki ya pili

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Tunachukulia kwamba ajira katika majimbo haya mawili ilikuwa na mwenendo sambamba kabla ya sheria." Rafiki yangu anayenisomea rasimu akaipigia mstari neno "ilikuwa" na kuandika pembeni: "Hii ni habari ya jana. Dhana yako iko wapi?"

Nilibishana naye siku mbili, kisha nikamwelewa. Sentensi yangu inaeleza jambo lililotokea, na lililotokea linaweza kupimwa, kwa hiyo halihitaji kuchukuliwa kama dhana. Kinachohitaji dhana ni kile ambacho hakuna aliyekiona: ajira ya New Jersey mwishoni mwa 1992 katika dunia ambayo kima hakikupanda. Hapo sarufi yetu inasaidia kweli. Dhana ya mienendo sambamba haiwezi kuandikwa kwa *-li-*. Inadai *-ngali-*, au *-nge-* kwa sisi tusiozitofautisha tena. Tangu siku hiyo, nikisoma tathmini ya mtu natafuta kitenzi kwanza. Nikikuta aya nzima ya dhana haina hata *-nge-* moja, najua ameeleza grafu na kuiacha dhana yenyewe.

Rasimu ya pili ikawa hivi: "Lau kima cha chini kisingalipanda New Jersey, wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa huko ungalibadilika, kati ya Februari–Machi na Novemba–Desemba 1992, kwa kiasi kilekile ulivyobadilika mashariki mwa Pennsylvania."

Ni ndefu, lakini kila kipande kina kazi. Inataja nani analinganishwa na nani, kipimo gani, kipindi gani. Na haisemi kwamba majimbo yanafanana. New Jersey ilianza chini kwa karibu wafanyakazi watatu kwa mgahawa, na hilo halivunji dhana, kwa sababu dhana inahusu mabadiliko tu.

Maneno mawili, "kiasi kilekile", ndiyo yaliyonishika kwa muda mrefu zaidi. Pennsylvania ilipungua 2.16, ambayo ni karibu asilimia 9.3 ya 23.33. Je, New Jersey ingalipungua wafanyakazi 2.16 au asilimia 9.3? Kwa kiasi, ingalifika 18.28, na athari ni 2.75. Kwa asilimia, ingalifika 18.55, na athari ni 2.48. Kwa kuwa majimbo yalianza mahali tofauti, na Pennsylvania ilisogea, dhana hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Mtu anayebadili ajira kuwa logi ili tu mgawanyo wake upendeze amebadili dhana pia, na anapaswa kulisema hilo. Mimi nimebaki na kiasi, nikaandika jibu la asilimia kando yake ili msomaji aone umbali uliopo.

Wiki ya tatu

Hapa nilitaka kuweka grafu ya miaka ya kabla ya sheria. Haiwezekani: data hii ina raundi mbili tu, moja kabla na moja baada, kwa hiyo hakuna mwenendo wa awali wa kuangalia. Nimeliandika hilo wazi. Hata kama ingekuwapo, grafu hiyo ni ushahidi wa pembeni. Mistari iliyokwenda pamoja hadi Machi inaweza kuachana Juni kwa sababu isiyohusu sheria, na kwa migahawa 79 tu upande wa Pennsylvania, mwachano mdogo wa awali ungeweza kupita bila kuonekana. "Jaribio halikuona tofauti" si sawa na "hakuna tofauti", na kwenye tathmini kauli hizi mbili hubadilishana nafasi kimyakimya.

Badala ya grafu niliweka swali: dhana ikose kwa kiasi gani ndipo hitimisho libadilike? Tuseme bila sheria New Jersey ingalipungua nusu tu ya Pennsylvania, yaani 1.08. Athari inashuka hadi 1.67. Ili ifike sifuri, New Jersey ingalipaswa kuongezeka 0.59 yenyewe, wakati jirani anapungua 2.16. Nadhani msomaji anaweza kuipima kauli hiyo kwa akili yake vizuri zaidi kuliko kuambiwa dhana "inaridhisha". Nikaongeza kwamba kosa sanifu la makadirio ni 1.36, kwa hiyo hata dhana ikiwa kweli kabisa, jibu linayumba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya 5.

Ukisoma tarakimu hizi kwa makini utaona pia kwamba sehemu kubwa ya 2.75 inatoka kwenye anguko la Pennsylvania. New Jersey yenyewe ilisogea kidogo sana. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu anayejua eneo lile ni moja: kulikuwa na nini Pennsylvania mwaka ule ambacho New Jersey haikukipata? Nimeliweka swali hilo kwenye maandishi, mara tu baada ya dhana.

Limebaki suala la watu kujiandaa mapema, ambalo nililitenga kwenye aya yake kwa sababu ni dhana nyingine. Sheria ilipitishwa 1990, miaka miwili kabla ya kuanza kutumika. Mwenye mgahawa aliyepunguza watu Januari 1992 kwa kuujua mshahara unaokuja angekuwa ameichafua ile 20.44 kabla ya mahojiano ya kwanza. Kinachopunguza wasiwasi ni kwamba Machi 1992 wabunge wa jimbo walipiga kura ya kugawa ongezeko hilo katika miaka miwili, na kura zikapungua kidogo tu kuweza kuishinda kura ya turufu ya gavana. Hadi wiki za mwisho hakuna aliyejua kwa hakika atalipa kiasi gani. Aya hiyo ina sentensi nne, na ya mwisho bado naiandika upya.