Utafiti Wangu Haukuonyesha Tofauti, na Sikuomba Radhi

Makala yangu ya tasnifu imekubaliwa na jarida, na hitimisho lake ni kwamba ujumbe mfupi wa kukumbusha haukuongeza mahudhurio ya chanjo kwa kiasi cha maana. Imekataliwa mara mbili njiani, na zote mbili data ilikuwa hii hii. Kilichobadilika ni maandishi, ndiyo maana naandika haya. Ushauri mwingi niliopewa ulikuwa mbaya, na najua kuna wenzangu wanapewa huo huo leo.

Swali lilikuwa jepesi. Watoto 800 waliokaribia miezi 18, umri wa dozi ya pili ya surua na rubela, waligawanywa kwa bahati nasibu. Walezi wa watoto 400 walipata ujumbe mara mbili kwenye simu, na 400 wengine walibaki na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki kama kawaida. Waliopata ujumbe walikuja 292, sawa na asilimia 73. Wasiopata walikuja 284, sawa na asilimia 71. Thamani ya p ilikuwa 0.53.

Rasimu ya kwanza niliiandika kama mtu anayepeleka msiba. Ikisiri ilikuwa na "kwa bahati mbaya", na mjadala ulianza na mapungufu saba kabla sijasema nimegundua nini. Sentensi kuu ilikuwa "utafiti haukufanikiwa kuonyesha tofauti", kana kwamba kazi ya utafiti ni kuonyesha tofauti. Kazi yake ni kujibu swali, na swali langu lilikuwa limejibiwa.

Kosa kubwa zaidi lilitokana na ushauri. Niliambiwa, "Piga hesabu ya nguvu ya utafiti kwa matokeo uliyoyapata, wahakiki waone umejitathmini." Nikapiga, nikapata kama asilimia 10, nikaiweka kwenye mjadala. Mhakiki akaandika mstari mmoja: utafiti wenye nguvu ya asilimia 10 hauwezi kusema lolote. Kwa nilivyoandika, alikuwa na haki. Lakini hesabu ile ni thamani ya p iliyovalishwa nguo nyingine. Unachukua tofauti ndogo uliyoiona, unauliza kama sampuli yako ingeweza kunasa tofauti ndogo hiyo, na jibu litakuwa hapana kila mara p inapokuwa kubwa. Haikuambii kitu kipya. Nguvu ya utafiti huhesabiwa kabla, kwa tofauti ambayo ingekuwa na maana kwa watu. Mimi nilikuwa nimeshaihesabu kwenye protokali: sampuli ya 400 kwa kila kundi ilitosha kunasa ongezeko la pointi 10, kutoka 70 hadi 80, kwa nguvu ya takriban asilimia 90. Habari hiyo niliizika kwenye mbinu, nikaweka mbele ile inayoniangusha.

Kilichookoa makala ni hizo pointi 10 na mahali zilikotoka. Kabla ya kukusanya data nilimuuliza mratibu wa chanjo wa wilaya ongezeko gani lingemfanya aanzishe mfumo huu. Akanijibu, "Mwanangu, ujumbe wenyewe ni shilingi ishirini na kitu, sio tatizo. Tatizo ni muuguzi wa kukaa kurekebisha namba za simu kila wiki. Chini ya kumi katika mia, simtoi kwenye chanjo ya mkoba." Maneno hayo yalikuwa kwenye protokali, yana tarehe. Sikuyatafuta baada ya kuona matokeo, na hilo ni la lazima. Kizingiti kilichochaguliwa baada ya data kuonekana hakimshawishi mtu.

Basi nikaacha p, nikaenda kwenye masafa ya uhakika. Kwenye R ni mstari mmoja:

```
prop.test(c(292, 284), c(400, 400), correct = FALSE)
```

Inatoa tofauti ya pointi 2, na masafa ya uhakika wa asilimia 95 kuanzia -4.2 hadi 8.2. Tazama ncha ya juu. Ni 8.2, chini ya 10. Maana yake data haiafikiani na faida ile ambayo wilaya ingeilipia. Hapo ndipo mchango ulipokuwa umekaa siku zote, na sentensi kuu ikawa hii: "Ujumbe mfupi uliongeza mahudhurio kwa pointi 2 (masafa ya uhakika wa asilimia 95: -4.2 hadi 8.2), hivyo ongezeko la pointi 10 lililowekwa kabla kuwa la maana kwa huduma halikubaliani na matokeo haya."

Sasa chukua asilimia zile zile, 73 na 71, kwa watoto 100 tu kila upande. Masafa yanakuwa -10.4 hadi 14.4. Kumi imo ndani, na madhara makubwa nayo yamo ndani. Huo ni utafiti ambao haujajibu, na ukiuandika kama unaosema "ujumbe hausaidii" utakuwa umedanganya. Kwa hali hiyo andika wazi kwamba swali bado liko wazi, toa masafa yako, na wengine watayaunganisha na ya kwao. Angalia kwanza uko upande upi kabla hujaandika neno.

Jambo la pili ambalo mhakiki mzuri atauliza ni kama ujumbe ulifika. Kama haukufika, umepima mtandao mbovu, hujapima ukumbusho. Ripoti za mfumo wa kutuma zilionyesha jumbe 728 kati ya 800 zimefika kwenye simu, asilimia 91. Namba hii niliihamisha kutoka kiambatisho hadi aya ya kwanza ya matokeo. Ila kufika kwenye simu si kusomwa na mlezi, hasa simu ikiwa ya baba anayeshinda kazini, na hilo nililiandika kama kikomo, mara moja, kwa sentensi moja. Mapungufu saba yakawa matatu: yale tu yanayoweza kusogeza ile 8.2.

Ushauri mwingine ulikuwa "gawanya gawanya, kitatokea kitu": akina mama wa mara ya kwanza, mjini, kijijini, waliosoma. Ukipima vikundi 12 ambavyo kwa kweli havina tofauti, na vipimo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kutoa p chini ya 0.05 kwa bahati tu ni kama asilimia 46. Nilibakiza kimoja, mjini na kijijini, kwa sababu kilikuwa kwenye protokali.

Kwa kichwa cha makala na utangulizi nilijifunza kwa FEAST, jaribio la Kenya, Uganda na Tanzania lililochapishwa 2011 kuhusu kuwapa maji ya haraka ya mshipani watoto wenye maambukizi makali na dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa makundi mawili yaliyopewa maji hayo, na 7.3 kwa ambao hawakupewa. Waandishi waliitaja tiba iliyokuwa ikipendekezwa, wakasema ushahidi wake ulikuwa haba, kisha wakatoa jibu. Nami utangulizi wangu uliacha kuahidi kwamba ujumbe utasaidia. Ulianza na ukweli kwamba mifumo ya ukumbusho inaanzishwa, na kwamba mtu wa wilaya anahitaji kujua kama inastahili muda wa muuguzi.

Barua kwa mhariri ilikuwa na aya mbili: uamuzi gani unasubiri jibu hili, na ncha ya juu ya masafa ni ngapi. Neno "hasi" halikuwemo.