Nilivyopima umumunyifu wa magnesi hidroksidi ndani ya bafa

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa wanakokotoa vizuri umumunyifu wa Mg(OH)₂ katika pH yoyote niliyowapa. Nilitaka waone pia kinachotokea kwenye chupa, kwa sababu hesabu ile ina sharti moja ambalo karatasi haiwalazimishi kulitazama: inachukulia kwamba bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike kirahisi, haichoki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Katika nyuzi 25 za selisiasi, Ksp ya magnesi hidroksidi, namba inayoonyesha kikomo cha ioni zake kwenye myeyusho, ni karibu 5.6 × 10⁻¹². Katika maji safi, unga wenyewe ndio unaotoa ioni za OH⁻. Hivyo pH hupanda hadi karibu 10.35 na uyeyukaji hukomea kwenye miligramu 6.5 hivi kwa lita. Bafa ikishikilia pH mahali pamoja, mambo hubadilika:

[Mg²⁺] = Ksp / [OH⁻]²

Kipeo kile cha pili ndicho chenye nguvu. Ukishusha pH kwa moja tu, OH⁻ hupungua mara kumi, na magnesi inayoweza kukaa kwenye myeyusho huongezeka mara mia. Katika pH 10 ni miligramu 33 za hidroksidi kwa lita. Katika pH 9 ni gramu 3.3.

Nilichagua bafa ya amonia na amoni kloridi, kwa kuwa zikiwa na moli sawa pH yake ni karibu 9.25, na hapo hesabu inatoa takribani gramu moja kwa lita. Niliandaa mbili. Nzito ilikuwa na moli 0.5 kwa lita ya kila kimoja, yaani gramu 26.7 za amoni kloridi kwa lita. Nyepesi ilikuwa na sehemu ya kumi ya hiyo. Kabla ya kutia chochote, mita ya pH ilisoma karibu sawa kwenye zote mbili. Katika mililita 100 za kila bafa nilitia nusu gramu ya unga, ili ubaki mwingine chini bila kuyeyuka, nikafunga chupa kwa kubana. Kufunga ni lazima: amonia ikitoroka, pH inashuka na umumunyifu unaongezeka bila wewe kujua sababu. Nilizitikisa mara kwa mara nikaziacha hadi kesho yake.

Asubuhi mita ilionyesha tofauti. Bafa nzito ilikuwa imepanda kidogo, ile nyepesi imekwenda mbali zaidi, kuelekea 9.5. Sababu ni kwamba kila moli ya Mg(OH)₂ inayoyeyuka inaachia moli mbili za OH⁻, na kila OH⁻ inageuza NH₄⁺ moja kuwa NH₃. Tukiita moli zilizoyeyuka kwa lita s, uwiano wa NH₃ kwa NH₄⁺ katika bafa nyepesi unakuwa (0.05 + 2s) / (0.05 − 2s). Nilijaribisha thamani za s ubaoni pamoja na wanafunzi hadi pande zote zikakubaliana: s ni karibu 0.0063, pH karibu 9.47, na kilichoyeyuka ni gramu 0.37 kwa lita. Kwa bafa nzito njia hiyohiyo inatoa gramu 0.82. Kwa hiyo pH ya kuingiza kwenye kanuni ni ile inayosomwa mwishoni, unga ukiwa bado upo chini.

Kuhakiki, nilichuja, nikazimua machujo mara kumi, nikafanya titresheni kwa EDTA, kemikali inayoshikana na Mg²⁺, katika pH 10 hadi rangi nyekundu ya zambarau ikageuka buluu safi. Nilizimua kwa sababu katika pH 10 magnesi nyingi ingeanza kuganda tena kwenye chupa ya titresheni. Mpangilio ulikuwa kama tulivyotarajia, nzito ikiyeyusha zaidi ya nyepesi, lakini majibu yalizidi hesabu, hasa kwenye nzito. Hilo nalo lina sababu: ioni nyingi za chumvi huzunguka Mg²⁺ na OH⁻ na kupunguza nguvu ya kuvutana kwao, hivyo Ksp ya kitabuni, iliyotolewa kwa myeyusho mwepesi mno, inakadiria chini. Kadiri bafa inavyokuwa nzito pH inatulia vizuri zaidi, na kosa hili linakua. Mimi bado naona nzito ni bora kwa darasa, mradi wanafunzi waelezwe kwa nini namba haziangukii palepale.

Mwalimu mwenzangu aliuliza kama angeweza kutumia bafa ya fosfati aliyokuwa nayo kabatini. Nilimwambia aiache: magnesi hushikana na fosfati, na penye amonia hutengeneza chembe nyeupe za MgNH₄PO₄. Kwa macho utadhani ni hidroksidi iliyogoma kuyeyuka.